Namna ya Kulitambua Simtanki kwa Picha na Kukadiria Ujazo Wake

Picha ninazotumiwa karibu zote hupigwa saa sita mchana, mpigaji akiwa amesimama uso kwa uso na tangi, na swali huwa lilelile: hili ni la lita ngapi? Anayeuliza huwa amekwisha kujaribu mwenyewe. Ameona namba iliyofutika nusu, akaikisia. Au amelinganisha tangi na ukuta ulio nyuma yake, akapata jibu lililozidi kwa lita elfu mbili. Makosa haya mawili ndiyo yanayorudiwa kila siku, na mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yake. Unahusu tangi la plastiki la mviringo lililosimama wima, kwa kuwa ndilo lililojaa kwenye minara na mapaa ya nyumba zetu.

## Vitu vya kuandaa

Unahitaji simu yenye kamera, tochi (ya simu nyingine inafaa), kitambaa chenye maji, kipande cha chaki, na tepu ya kupimia, iwe ya fundi ujenzi au ya fundi cherehani. Unahitaji pia mtu aliye pale tangi lilipo, kama wewe uko mbali, ambaye yuko tayari kupiga picha zaidi ya moja. Kwa upande wa hesabu, kikokotoo cha simu kinatosha.

Jambo moja la usalama litangulie. Ikiwa tangi lipo juu ya mnara, asipande mtu kwa ajili ya picha peke yake, na wala asikanyage mfuniko wala bega la tangi, kwa sababu plastiki iliyopigwa na jua kwa miaka mingi hupasuka bila kutoa dalili. Hatua nyingi zilizo hapa zinafanyika mtu akiwa chini.

## Hatua ya 1: Piga picha kwa mwanga wa ubavuni

Tangi la plastiki hutengenezwa kwa kutia unga wa plastiki ndani ya kalibu la chuma, kalibu likazungushwa huku linapashwa moto hadi unga uyeyuke na kushika kuta zote za ndani. Jina na namba vilivyochongwa kwenye kalibu hutokea kwenye tangi kama herufi zilizochomoza. Kwa kuwa plastiki hiyo haisukumwi kwa nguvu ndani ya kalibu, kingo za herufi hutoka zikiwa za mviringo na kimo chake ni kidogo. Herufi hizo zina rangi ileile ya tangi, kwa hiyo kinachozionyesha ni kivuli chake tu.

Hapo ndipo picha ya mchana inapoharibika. Jua likiwa juu, au flashi ya simu ikimulika moja kwa moja, vivuli hupotea na namba huyeyuka kwenye weusi wa tangi. Piga picha asubuhi mapema au alasiri, jua likiwa ubavuni mwa maandishi. Njia iliyo bora zaidi ni kusubiri giza, kuzima flashi, kisha mtu wa pili aiegemeze tochi kwenye ukuta wa tangi, mwanga ukiteleza juu ya herufi kutoka kushoto. Picha ya pili ipigwe mwanga ukitoka kulia, na ya tatu ukitoka juu.

Kabla ya hapo, futa vumbi kwa kitambaa chenye maji, acha pakauke, kisha pitisha ubavu wa chaki juu ya maandishi bila kukandamiza. Chaki hushika migongo ya herufi na kuacha mabonde yakiwa meusi. Usikwangue kwa kisu wala msasa, maana kimo cha herufi ni kidogo mno na ukikipunguza hakirudi.

Umefaulu iwapo unaweza kufuata mstari wa kila herufi kwa kidole kwenye kioo cha simu bila kukisia. Ikiwa kuna herufi unayoijaza kwa akili, picha haijatosha.

## Hatua ya 2: Tenganisha maandishi ya kalibu na maandishi ya kubandikwa

Maandishi yote ya kwenye tangi hayana uzito sawa. Yaliyochomoza kutoka kwenye kalibu yalizaliwa pamoja na tangi, na ndiyo ya kuaminiwa kwanza. Stika na maandishi ya rangi huja baadaye: stika hubanduka au huungua kwa jua, na rangi inaweza kuwa imepakwa na muuzaji, mwenye nyumba au mradi uliotoa tangi. Ukikuta namba kubwa ya rangi nyeupe, jiulize kwanza kama ni lita, ni namba ya nyumba, au ni namba ya tangi katika orodha ya mradi.

Kuhusu jina, Watanzania wengi huita tangi lolote la plastiki simtanki, ijapokuwa SIMTANK ni jina la kibiashara la aina moja. Mtu akikuambia kwa simu kwamba ana simtanki, hajakuambia bado limetengenezwa na nani. Tafuta jina kwenye bega au katikati ya mwili. Kenya utakutana na majina kama KENTANK na ROTO, na Uganda CRESTANK. Jina likipatikana, ujazo nao hukaribia kupatikana, kwa sababu kila mtengenezaji ana orodha yake ya ukubwa na vipimo vya kila tangi, na kuna ukubwa ambao mmoja anao na mwingine hana.

Alama nyingine huwapotosha wasomaji, kwa hiyo nizitaje. Pembetatu ya mishale yenye namba ndani yake inaeleza aina ya plastiki: 2 ni polithini nzito, 4 ni polithini nyepesi, na 7 ni plastiki nyingine au mchanganyiko. Niliwahi kuletewa picha ambayo mwenye tangi alikuwa na hakika kwamba 2 ile ni lita elfu mbili. Duara lenye namba 1 hadi 12 pembezoni na mshale katikati ni saa ya tarehe: mshale unaonyesha mwezi wa kutengenezwa, na tarakimu mbili za katikati ni mwaka. Alama ya shirika la viwango, mathalani TBS au KEBS, inahusu ubora wa bidhaa, haikupi ujazo.

Onyo kubwa la hatua hii ni mfuniko. Mifuniko hupeperushwa na upepo, hupasuka, na hubadilishwa kwa wowote unaotoshea. Mara nyingi maandishi ya mfuniko husomeka vizuri kuliko ya tangi lenyewe, na hapo ndipo mtu anaponaswa. Kamwe usitambue tangi kwa mfuniko wake. Koki na viungio vya mabomba vina majina yao pia, nayo uyaache.

## Hatua ya 3: Isome namba iliyofutika kwa kuondoa zisizowezekana

Kwa sababu kingo za herufi ni za mviringo, tarakimu zinazochanganywa ni 3, 5, 6 na 8. Usiulize tarakimu inafanana na nini. Uliza ni mstari upi uliopo na upi usiokuwapo. Katika 5, nusu ya juu ina mstari wima upande wa kushoto. Katika 3, upande wote wa kushoto uko wazi. Katika 6, nusu ya chini imefungwa pande zote, na katika 8 nusu zote mbili zimefungwa. Mwanga unaotoka kushoto ndio unaoonyesha vizuri mistari ya wima, na ule wa kutoka juu ndio unaoonyesha ya mlalo. Ndiyo maana nilitaka picha tatu.

Angalia pia kipimo kilichoandikwa kando ya namba. L au LTS ni lita. Tangi lililoletwa kutoka Omani au nchi nyingine ya Ghuba linaweza kuwa na namba ya galoni, na galoni zenyewe ni mbili: ya Kiingereza ni lita 4.546, ya Kimarekani ni lita 3.785. Kwa hiyo tangi la galoni 1000 ni lita 4546 au 3785, na tofauti hiyo ni zaidi ya madumu 35 ya lita ishirini. Iwapo alama haisemi ni galoni ipi, acha vipimo vya hatua zinazofuata vikuamulie.

Tena, namba ndefu iliyochanganyika na herufi huenda ikawa ni namba ya toleo ambayo sifuri moja imeachwa. Ichukue kama fununu tu.

Umefaulu iwapo umebaki na majibu mawili au matatu yanayowezekana, kwa mfano 3000 au 5000. Si lazima libaki moja. Kazi ya vipimo ni kuchagua kati ya hayo.

## Hatua ya 4: Piga picha ya vipimo

Picha ya vipimo si picha ya maandishi. Simama mbali, angalau mara nne ya upana wa tangi, kisha tumia zumu ya simu badala ya kusogea. Ukisimama karibu, lenzi hupanua kilicho katikati na kupinda kilicho pembeni. Kamera iwe kwenye kimo cha katikati ya tangi kadiri inavyowezekana. Ukipiga kutoka chini ukielekeza juu, tangi litaonekana fupi na jembamba kwa juu.

Ndani ya picha lazima kuwe na kitu cha kulinganishia ambacho kipimo chake unakijua. Kilicho bora ni mti au fito uliyoipima, ikiwa na alama mbili zilizo umbali wa mita moja, iliyoegemezwa ubavuni mwa tangi, usawa wa katikati yake, yaani si mbele ya tumbo wala nyuma. Kama haiwezekani, kozi za matofali hufaa. Tofali la inchi sita kwa desturi lina urefu wa inchi 18 na kimo cha inchi 9, lakini mafyatuzi hutofautiana na udongo wa kati ya kozi nao huongeza, hivyo mwambie aliyeko pale apime kozi tano kwa tepu akupe jumla. Bati la migongo midogo nalo husaidia, kwa kuwa kutoka mgongo mmoja hadi mwingine ni takriban milimita 76.

Umefaulu iwapo kingo zote mbili za tangi, chini na bega vinaonekana bila kukatwa, na kitu cha kulinganishia kinaonekana chote.

## Hatua ya 5: Rekebisha umbali kabla ya kuhesabu

Hapa ndipo makadirio mengi huharibika, na ndipo ningependa msomaji akae zaidi.

Kitu kilicho nyuma ya tangi huonekana kidogo kuliko ukubwa wake kikilinganishwa na tangi, na kwa hiyo hulifanya tangi lionekane kubwa. Kosa hilo halibaki dogo, kwa sababu ujazo unatokana na upana mara upana mara kimo. Ukikosea vipimo vyote kwa asilimia 10 kwa kuzidisha, ujazo unazidi kwa asilimia 33. Tofauti ya kipimo kati ya tangi la lita 4000 na la lita 5000 yenye umbo moja haifiki asilimia 8. Kwa maneno mengine, kosa ambalo jicho halilioni linatosha kukuhamisha kutoka tangi moja hadi jingine.

Marekebisho yenyewe ni mepesi. Pata umbali kutoka kamera hadi kitu cha kulinganishia, na umbali kutoka kamera hadi katikati ya tangi, kisha:

```
kipimo halisi = kipimo cha picha × (umbali hadi tangi ÷ umbali hadi kilinganishi)
```

Umbali unaweza kupimwa kwa hatua za miguu. Kinachohitajika zaidi ni uwiano wake.

## Hatua ya 6: Hesabu, kwa mfano halisi wa namna ya picha ninazopata

Tuchukue tangi jeusi lililokaa chini, kando ya ukuta wa matofali. Namba iliyochomoza inasomeka 000 L, na tarakimu ya kwanza ni 3 au 5. Mwenye nyumba ananunua maji ya bowza na amekuwa akilipia lita 5000 kila mara.

Aliyeko pale amepima kozi tano za ukuta: sentimita 122. Katika picha iliyokuzwa, kozi hizo tano zina pikseli 305, kwa hiyo pikseli moja ni sentimita 0.4. Upana wa tangi ni pikseli 450, sawa na sentimita 180. Kimo kutoka chini hadi begani, pale mwili ulionyooka unapoanza kupinda, ni pikseli 475, sawa na sentimita 190. Juu ya bega hatuhesabu, kwa kuwa bomba la kumwagia ziada kwa kawaida huwekwa chini yake na maji hayafiki huko.

Kanuni ya ujazo, vipimo vikiwa kwa mita, ni hii:

```
Lita = 785 × kipenyo × kipenyo × kimo
785 × 1.80 × 1.80 × 1.90 = 4832
```

Jibu linakaribia 5000, na wengi huishia hapo wakiwa wameridhika. Lakini ukuta uko nyuma ya tangi. Mpiga picha alisimama mita 7 kutoka ukutani, na katikati ya tangi pako mita 1 mbele ya ukuta, yaani mita 6 kutoka kamera. Uwiano ni 6 kwa 7, sawa na 0.857. Kipenyo halisi ni mita 1.80 × 0.857, yaani 1.54, kimo halisi ni mita 1.63.

```
785 × 1.54 × 1.54 × 1.63 = 3035
```

Tangi ni la lita 3000. Kupita kidogo huko si jambo la kutia shaka, maana tumepima nje, na unene wa ukuta wa plastiki unapunguza nafasi ya ndani. Turudi kwenye picha ya tochi: katika tarakimu ya kwanza, mwanga wa kutoka kushoto hauonyeshi mstari wowote wa wima kwenye nusu ya juu. Ni 3. Alama na kipimo vimekubaliana, na hayo ndiyo mafanikio ya hatua hii. Vikipingana, usichukue wastani wake; mojawapo ina kosa, na mara nyingi ni umbali.

## Hatua ya 7: Hakiki kwa tepu

Ikiwa tangi linafikika, zungusha tepu au kamba kwenye mwili wake, si juu ya mkanda uliotokeza wala ndani ya bonde, bali sehemu iliyonyooka. Tepu ikiinama upande mmoja mzingo utazidi, kwa hiyo mtu wa pili aishike upande wa nyuma. Kisha, kwa mita:

```
Lita = 79.6 × mzingo × mzingo × kimo
79.6 × 4.85 × 4.85 × 1.63 = 3052
```

Mzingo wa mita 4.85 katika mfano wetu unathibitisha kipenyo cha mita 1.54. Kama mwili wa tangi una mabonde mengi yenye kina, tarajia ujazo wa ndani kuwa chini ya hesabu, kwa kuwa kila bonde linakula nafasi ya maji.

## Mahali njia hii inapokwama

Tangi la kulala lenye miguu, tangi lenye chini ya umbo la pia, na tangi la mstatili havifuati kanuni hizi. Hapo tegemea alama peke yake au pima kwa kujaza madumu. Tangi la mraba lililo ndani ya fremu ya chuma juu ya kitako cha sentimita 120 kwa 100 kwa kawaida ni la lita 1000, na lina kibati chenye maandishi yanayoanza na 31HA1 ambacho hutaja ujazo. Kibati hicho kinakujulisha pia kwamba ni chombo cha kusafirishia vimiminika, kwa hiyo kabla ya kulitilia maji ya kunywa tafuta stika ya bidhaa iliyokuwamo, na usipoipata usilitumie kwa kunywa.

Tangi lililozikwa nusu au lililovimba tumboni kwa jua na uzito nalo hudanganya. Kuvimba huonekana ukiweka ukingo wa karatasi kwenye kioo cha simu sambamba na ubavu wa tangi: mstari usipokaa sawa, pima upana chini, katikati na juu, kisha tumia wastani.

## Hatua ya 8: Toa maji yasiyotumika

Namba iliyo kwenye tangi si maji unayoweza kuyatumia. Bomba la kutolea huwa juu kidogo ya sakafu ya tangi, na bomba la kumwagia ziada huwa chini ya bega. Tafuta lita za kila sentimita moja ya kimo kwa kuzidisha 7.85 × kipenyo × kipenyo, kipenyo kikiwa kwa mita. Tangi letu la mita 1.54 linabeba lita 18.6 kwa kila sentimita.

Katika picha, bomba la kutolea liko sentimita 8 juu ya chini, na la ziada liko sentimita 12 chini ya bega. Jumla ni sentimita 20, sawa na lita 372. Tukitoa hizo kwenye 3000, maji yanayoweza kutoka kwenye koki ni takriban lita 2630, na bowza likijaza tangi hilo lililokauka kabisa hadi ziada ianze kumwagika, litakuwa limeingiza takriban lita 2780. Mwenye nyumba yule aliyekuwa akilipia lita 5000 alipaswa kulipia hizo, na kama tangi lilikuwa na maji kiasi, apime kwa fito kimo cha maji kabla na baada ya kujaza, kisha azidishe tofauti yake kwa 18.6.